Slaidi ya Gram imegoma: zote pinki, zote zambarau, au nusu kwa nusu, tatizo liko wapi

Maswali ninayoletewa kuhusu rangi ya Gram karibu yote ni yale yale. Mbona stafilokoka zangu zimetoka pinki, mbona slaidi nzima ni zambarau tupu, mbona bakteria wa aina moja wametoka rangi mbili. Na mara nyingi anayeuliza ameshamwaga chupa ya safranini akatengeneza nyingine akidhani rangi ndiyo mbovu, wakati tatizo liko kwenye sekunde tano za alkoholi au kwenye smia nene, yaani sampuli iliyopakwa kwenye slaidi kupita kiasi. Nayaweka hapa kwa dalili, uanze na unachokiona kwenye hadubini halafu urudi nyuma kutafuta chanzo, kuanzia kile kinachotokea kila siku mpaka kile cha nadra.

Ila kuna kitu lazima ukishike kwanza, maana bila hicho utakuwa unabahatisha tu.

Rangi inaingia kwa wote

Wengi tulifundishwa "Gram chanya hushika zambarau, Gram hasi hushika pinki" na tukaishia hapo, tukabaki na picha kwamba kila kundi linachagua rangi yake. Sivyo kabisa. Kristali vayoleti, ile rangi ya zambarau, inaingia kwa wote wawili. Ukitaka kuliona hili kwa macho yako tengeneza slaidi nne, kila moja na tone la stafilokoka, ambao ni Gram chanya, upande mmoja na E. koli, ambao ni Gram hasi, upande wa pili, halafu kila slaidi uisimamishe kwenye hatua tofauti. Ya kwanza isimame baada ya kristali vayoleti, utakuta wote zambarau. Ya pili baada ya ayodini, wote bado zambarau, tena imekolea. Ya tatu baada ya alkoholi, hapo ndipo penyewe, stafilokoka wamebaki zambarau na E. koli wamefutika, hawana rangi, unalazimika kupunguza mwanga ndio uone vivuli vyao. Ya nne baada ya safranini, wale waliofutika sasa ni pinki. Hata stafilokoka nao wamepata safranini, ni vile tu zambarau imeifunika.

Kwa hiyo swali la Gram ni nani anaachia rangi alkoholi ikipita, na nani haachii.

Na jibu liko kwenye ukuta. Ukuta wa bakteria umejengwa kwa peptidoglikani, ambayo ni nyuzi ndefu za sukari zilizofungwa pamoja na vipande vifupi vya protini, ichukulie kama mkeka uliosukwa. Kundi la ukuta mnene, yaani Gram chanya, lina mikeka mingi imepangwa moja juu ya nyingine, unene wake kama nanometa 20 hadi 80, na nje ya hapo hakuna utando mwingine wa mafuta. Kundi la ukuta mwembamba, yaani Gram hasi, lina tabaka moja au machache tu, nanometa chache basi, lakini nje ya mkeka huo kuna utando wa pili wenye mafuta mengi na lipopolisakaridi.

Molekuli ya kristali vayoleti ni ndogo, inapenya kotekote. Ukiweka ayodini nayo inaingia, inaikuta vayoleti mle ndani, zinaungana kuwa bonge kubwa. Ni kama mwavuli, umeuingiza mlangoni umefungwa halafu ukaufungulia ndani, sasa kuutoa ndio kazi. Inakuja alkoholi au asetoni. Kwenye ukuta mnene inanyonya maji, mikeka inakauka na kubanana, matundu yanasinyaa na lile bonge linakwama. Kwenye ukuta mwembamba inayeyusha mafuta ya utando wa nje, unabaki mkeka mmoja mwepesi usioweza kuzuia kitu, bonge linaoshwa linaondoka. Hili halikubaki nadharia, mwaka 1983 Beveridge na mwenzake Davies kule Kanada walibadilisha ayodini kwa kiwanja chenye platini ili waweze kuifuatilia kwa hadubini ya elektroni, wakaona kwamba ukuta ndio unaolizuia lile bonge lisitoke.

Ukishalielewa hilo, kila kosa la slaidi linakuwa moja kati ya mambo mawili. Au ukuta wenyewe kweli umetoboka, au mkono wako umezidisha au umepunguza ile hatua ya kuondoa rangi. Kazi yetu yote hapa chini ni kutofautisha hayo mawili.

Kabla hujatafuta mchawi

Hatua ninazotumia mimi ni hizi: smia nyembamba, ikauke yenyewe hewani, pitisha juu ya moto mara 2 au 3 haraka, iache ipoe. Kristali vayoleti sekunde 60, suuza kwa maji taratibu. Ayodini ya Lugol sekunde 60, suuza. Kuondoa rangi, kama ni mchanganyiko wa asetoni na alkoholi ni sekunde kama 5 hivi, kama ni asetoni tupu ni 2 au 3 tu maana inakimbia sana, kama ni alkoholi ya asilimia 95 ni 10 hadi 20. Suuza hapo hapo. Safranini sekunde 60, suuza, simamisha ikauke, halafu lenzi ya 100 na mafuta.

Zima moto kabla ya kufungua asetoni, tafadhali. Nimeshaona karatasi ya kufutia ikishika moto juu ya sinki kwa sababu bansen iliachwa inawaka pembeni. Na vaa glavu, kristali vayoleti ni ndugu wa ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto mdomoni wakiwa na utando, unajua jinsi inavyong'ang'ania vidole na nguo, lakini hii ya maabara ni kali zaidi na haitakiwi kuchezewa kwa mikono mitupu.

Jambo moja ambalo ningependa kila mtu alifanye hata kama ana haraka: kontroli kwenye slaidi hiyo hiyo. Siyo slaidi ya pembeni uliyopaka asubuhi, hiyo hiyo. Chora miduara mitatu, stafilokoka kushoto, E. koli kulia, bakteria wako katikati. Zote zimepata sekunde zile zile za alkoholi. Kama stafilokoka ni zambarau na E. koli ni pinki, mkono wako uko sawa na unachokiona katikati ni habari ya ukuta. Kama kontroli zimekataa, usisome cha katikati kabisa, hata kama kinaonekana kizuri.

Dalili ya 1: Kila kitu ni pinki, mpaka stafilokoka

Hii ndiyo inayoongoza kwa kuletwa.

Chanzo cha kwanza, na ukianza nacho utapatia mara nyingi, ni kuzidisha alkoholi. Mtu anamwaga asetoni, simu inaita, anahesabu kumi na tano badala ya tano. Mikeka mingi inachelewesha rangi kutoka lakini haina kufuli, ukiendelea kuosha mwishowe na hao wa ukuta mnene wanaachia. Angalia kwa urahisi: rudia slaidi mpya, inamisha, dondoshea alkoholi tone kwa tone kutoka juu, na jicho lako liwe kwenye maji yanayotoka chini ya slaidi, siyo kwenye saa. Yanaanza na zambarau nzito, yanafifia, yakiwa karibu meupe suuza kwa maji sekunde hiyo hiyo. Maji ndiyo yanayosimamisha kazi ya alkoholi, ukikaa unatafuta chupa ya maji alkoholi haikusubiri.

Kama bado ni pinki, tazama ayodini. Ayodini ikisahaulika vayoleti inabaki molekuli ndogo ndogo, mwavuli haujafunguka, na zinatoka kwenye ukuta mnene bila shida. Na ayodini inaharibika, ikikaa kwenye chupa nyeupe dirishani au kifuniko kikiwa kimelegea inapoteza nguvu. Mimina kidogo kwenye karatasi nyeupe, inatakiwa iwe kahawia iliyoiva kama chai ya rangi, ikiwa imepauka kama chai ya maziwa iliyozidiwa maziwa imwage utengeneze nyingine. Ukihifadhi weka kwenye chupa ya kahawia mbali na jua.

Baada ya hapo ndio uje kwenye moto. Kuna watu wanaikaanga slaidi, wanaishikilia juu ya mwali mpaka inaunguza kidole. Seli zinapasuka, na seli iliyopasuka hata iwe na mikeka mingi namna gani haizuii tena rangi. Kipimo chepesi ni mgongo wa mkono, ukigusisha slaidi iwe ya moto unaovumilika, siyo wa kuruka. Ukiona maumbo yamepinda pinda na yamevimba kwenye hadubini jua umeikaanga.

Umri wa kilichopandwa nao, hili nitalieleza vizuri kwenye dalili ya tatu maana huko ndiko linakosumbua kweli.

La nadra zaidi ni antibayotiki. Penisilini na jamaa zake zinafanya kazi kwa kuzuia zile nyuzi za mkeka zisifungwe pamoja, kwa hiyo bakteria wa ukuta mnene aliyetoka kwa mgonjwa aliyeanza dawa jana anaweza kuwa na ukuta wenye mianya na akatoka pinki au rangi mbili. Hapa mkono wako hauna kosa. Kontroli zitakuwa safi na sampuli tu ndiyo itakuwa ya ajabu, na hilo lisiishie kwenye daftari lako, mwambie aliyeagiza kipimo, muulize mgonjwa alianza dawa lini.

Dalili ya 2: Kila kitu ni zambarau, mpaka E. koli

Kabla ya yote weka macho kwenye unene wa smia. Chukua slaidi iliyokauka kabla hujaipaka rangi, iweke juu ya gazeti. Maandishi yakisomeka bila kukunja uso, smia ni sawa. Yakijificha, ni nene mno, alkoholi itaosha tabaka la juu na chini yake kutabaki zambarau hata uoshe namna gani. Kosa la kawaida ni kuchukua koloni zima na lupu kama unachota uji. Gusa tu juu ya koloni kwa ncha, tawanya kwenye tone dogo la maji safi.

Kama smia ni nyembamba basi alkoholi ilikuwa fupi, au, na hii watu hawaifikirii, alkoholi ilikuwa na maji. Slaidi imesuuzwa ayodini, haikukung'utwa, ina dimbwi juu yake, unamwagia alkoholi inachanganyika na lile dimbwi inakuwa dhaifu, haiyeyushi utando wa nje vizuri. Kung'uta slaidi, gusisha ukingo wake kwenye karatasi, ndipo umwagie. Na chupa ya alkoholi iliyoachwa wazi miezi inavuta unyevu, hasa huku pwani hewa ikiwa nzito, kwa hiyo funga.

Ukiacha kristali vayoleti ikaukie juu ya slaidi nayo inagandamana, alkoholi haiwezi kuing'oa. Hilo utalijua kwa vipande vya zambarau iliyokoza visivyo na umbo la maana.

Kwa wenye sampuli za wagonjwa, usaha, makohozi, kuna kontroli ya bure iliyomo ndani ya sampuli na inaniuma watu wakiipita bila kuitazama. Seli nyeupe za damu na seli za ngozi hazina peptidoglikani, kwa hiyo zinatakiwa zitoke pinki, kiini chake pinki. Ukiona kiini cha seli ya usaha ni zambarau au buluu, eneo hilo halijaondolewa rangi vya kutosha, usiamini bakteria yeyote wa zambarau aliye jirani yake. Sogeza slaidi kwenye ukingo ambako ni pembamba usome huko. Fikiria mtu mwenye gonokoka, ambazo ni za ukuta mwembamba na mara nyingi ziko mbili mbili ndani ya seli za usaha, halafu kwa sababu ya uvivu wa sekunde tatu za alkoholi zimeandikwa koka chanya, yaani bakteria wa duara wa ukuta mnene. Mgonjwa anaondoka na maelezo ya kitu kingine kabisa.

Kuna bakteria wachache wa ukuta mwembamba kweli wanaong'ang'ania vayoleti kidogo, asinetobakta ni mmoja wao. Huyo ukimwona amesitasita rangi wakati kontroli zako ziko safi, usilazimishe jibu kwa kumwosha mpaka apauke, mpeleke kwenye vipimo vingine.

Dalili ya 3: Aina moja, rangi mbili

Hii ndiyo ninayoipenda kuifuatilia kwa sababu hapa ukuta unaongea wenyewe.

Jiulize kwanza kama kweli ni aina moja. Zambarau zote ni duara na pinki zote ni fimbo? Basi una bakteria wawili, panda upya utenganishe koloni. Je, zambarau ziko katikati ya smia na pinki ziko ukingoni? Hiyo ni smia isiyo sawa, rudi dalili ya 2. Lakini kama umbo ni lile lile, urefu ule ule, na katika uwanja huo huo wa lenzi fimbo mbili zimeshikana moja zambarau na ya pili pinki, hapo umri ndio mshukiwa.

Kuna kijana wa mafunzo aliniletea slaidi ya namna hiyo Jumatatu asubuhi. "Dada, sahani imeingiliwa, kuna hasi na chanya humu." Nikatazama kontroli, stafilokoka zambarau safi, E. koli pinki safi. Kwa hiyo mkono wake ulikuwa sawa, nikamwambia hivyo maana alishaanza kujilaumu. Katikati, fimbo kubwa kubwa zimeungana kama mabehewa ya treni, na ndani ya mnyororo mmoja behewa hili zambarau, linalofuata pinki iliyopauka, jingine lina zambarau pembeni tu. Nikapunguza mwanga. Ndani ya fimbo nyingi kulikuwa na kitobo cheupe chenye umbo la yai katikati, hakina rangi yoyote, kinang'aa. Hiyo ni endospora, ganda lake halipitishi rangi hizi. Bakteria wawili tofauti hawajipangi kupokezana ndani ya mnyororo mmoja, na E. koli hatengenezi endospora. Nikamuuliza hii sahani imepandwa lini, akasema Alhamisi.

Siku nne. Bakteria wa jamii ya basilasi wakishamaliza chakula wanaacha kujenga ukuta, vimeng'enya vyao wenyewe vinaanza kuumega, mikeka inapungua tabaka na kupata matundu, na wengine wanakuwa wameshakufa. Alkoholi ikipita, aliye na ukuta mzima anashika, aliyetoboka anaachia. Kwa maana hiyo slaidi ile haikudanganya, ilionesha kweli kwamba kuta za mle ndani hazifanani.

Tulifanya mambo mawili. La kwanza ni kipimo cha potashi, tone moja la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 3 kwenye slaidi safi, ukachota koloni kwa lupu ukakoroga nayo kama nusu dakika mpaka dakika moja, halafu ukainua lupu taratibu. Ukuta mwembamba unavunjika kwenye potashi, vinasaba vinamwagika na tone linavutika juu na lupu kama mlenda, uzi wa sentimita moja hivi au zaidi. Ukuta mnene hauvunjiki, tone linabaki maji tu. E. koli wetu wa kontroli walivutika vizuri kabisa. Zile fimbo hazikuvutika hata kidogo. (Potashi inachoma, usiitumie bila glavu na miwani.)

La pili, tukapanda upya kwenye aga mbichi saa kumi jioni, tukasoma kesho yake saa nne asubuhi, hiyo ni saa 18. Treni nzima zambarau, behewa la kwanza mpaka la mwisho. Kijana akaandika: fimbo, Gram chanya, zenye endospora, na chini yake akaongeza kwamba matokeo ya kwanza yalitoka kwenye sahani ya siku nne. Hiyo sentensi ya mwisho nilifurahi kuiona kuliko hata jibu lenyewe.

Soma Gram kwenye kilichopandwa saa 18 hadi 24. Ikipita hapo panda upya kwanza.

Dalili ya 4: Uchafu, vidoti vya zambarau, au hamna kitu

Vidoti vidogo vya zambarau vilivyotapakaa kila mahali vinamdanganya mgeni anaita koka. Zungusha fokasi kidogo: koka wako kwenye usawa mmoja, wana ukubwa mmoja, wana mpangilio. Punje za rangi zina ukubwa tofauti na nyingine ziko juu ya smia zinaelea. Chuja kristali vayoleti kwa karatasi ya kuchujia, matatizo mengi yanaishia hapo.

Slaidi ikiwa tupu kabisa, smia ilisombwa na maji. Ama slaidi ilikuwa na mafuta ya vidole, au hukuipitisha motoni, au maji ya bomba yalipiga moja kwa moja juu ya smia. Maji yaangukie juu ya slaidi mahali pasipo na smia yakateremke yenyewe. Kingine kinachosahaulika, umepaka rangi upande wa nyuma. Kwaruza kwa ncha ya sindano uone smia iko upande gani.

Dalili ya 5: Kontroli safi, mkono safi, na bado haieleweki

Hapa ndipo Gram inapofikia mwisho wake, maana inapima ukuta wa peptidoglikani tu na wapo wasioingia kwenye hayo makundi mawili.

Vijidudu vya kifua kikuu vina ukuta uliojaa nta, rangi za kawaida hazipenyi vizuri, utaona kama vivuli visivyo na rangi au fimbo zenye vidoti vya zambarau. Kwa muundo wapo karibu na chanya ila slaidi ya Gram haikuambii chochote cha kuaminika juu yao. Wanatakiwa wapakwe kwa Ziehl-Neelsen au wapimwe kwa mashine. Mikoplazma hawana ukuta kabisa, hamna mkeka hata mmoja, kwa hiyo usitegemee kuwaona kwenye Gram. Kijidudu cha kaswende kina ukuta wa namna ya hasi lakini chenyewe ni chembamba mno hadubini ya kawaida haikioneshi. Halafu kuna fangasi wa kandida, wanatoka zambarau kali na ni wakubwa, siyo bakteria na ukuta wao hauna peptidoglikani, ila ni mnene na unakamata lile bonge vile vile. Ukiona mayai makubwa ya zambarau yanachipua vitoto pembeni usiandike koka.

Acha hapo, ita mtu

Sampuli ya maji ya uti wa mgongo usiirudie rudie kujifunza. Ni kidogo, haipatikani tena kirahisi, na mgonjwa hana muda. Kama slaidi ya kwanza ina utata, mwite mwenye uzoefu aisome saa hiyo hiyo na daktari apigiwe simu na kile mlichokiona, hata kama ni "kuna koka, rangi haina uhakika". Damu iliyopandwa ikaota nayo ni hivyo hivyo.

Makohozi ya mtu anayeshukiwa kifua kikuu usiyafungulie mezani ukatengeneza smia bila kabati la usalama. Funika, peleka kwa wanaohusika.

Na kama umeletewa damu au kipande cha nyama cha ng'ombe au mbuzi aliyekufa ghafla akitoka damu puani au nyuma, na hasa ukishaona fimbo kubwa za zambarau zenye ncha kama zimekatwa mraba, simama. Inaweza kuwa kimeta. Usipande kwenye aga, usiendelee na slaidi nyingine, usiruhusu mzoga upasuliwe maana hewa inawafanya watengeneze endospora na ardhi inabaki na ugonjwa miaka. Funga ulichonacho, nawa, orodhesha walioshika, mpigie afisa mifugo na msimamizi wa maabara.

Kwa anayesoma hii akiwa na karatasi yake ya majibu mkononi imeandikwa "koka, Gram chanya": hiyo inaeleza ukuta na umbo tu, haijasema ni nani wala dawa gani inamfaa. Irudishe kwa daktari kabla hujaenda duka la dawa.

Ukikwama kwenye slaidi yako, ukiniuliza niambie vitu vitatu, kontroli zilitoka rangi gani, sahani ina saa ngapi tangu ipandwe, na unaondoa rangi kwa asetoni au alkoholi na kwa sekunde ngapi.